Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kupata Jibu Ambalo Kifungu Kimelidokeza bila Kulisema

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi, walimu na wazazi wanaokwama kwenye yale maswali ya ufahamu ambayo jibu lake haliko kwenye mstari wowote wa kifungu. Mengi yanarejelea kifungu kimoja kifupi kilicho chini ya swali la tatu. Kisome polepole kabla ya kuendelea, kwa kuwa jambo hili halieleweki kwa maelezo matupu.

Nitajuaje kwamba swali linataka kilichodokezwa, si kilichoandikwa?

Tazama lugha ya swali lenyewe. Swali kama "Kipa alikaa wapi?" linakutuma ukatafute mahali na kupanakili. Lakini ukikutana na "Inaelekea kwamba…", "Ni kweli kusema kwamba…", "Mwandishi anadokeza nini kuhusu…", "Unajuaje kwamba…" au "Ni hitimisho gani linaloungwa mkono na kifungu?", fahamu kwamba hutalikuta jibu limekaa tayari likikusubiri.

Swali linalowachanganya wengi ni "Kwa nini?", maana linaweza kuwa la aina zote mbili. Rudi kwenye tukio linaloulizwa usome sentensi yake na zile zinazolizunguka. Ukiona "kwa sababu", "kwa kuwa", "ili" au "kutokana na", basi mwandishi ameshakujibu na kazi yako ni kunukuu vizuri. Usipoona kiungo chochote cha namna hiyo, sababu utaiunda mwenyewe kutokana na vipande vilivyotawanyika.

Kama jibu halikuandikwa, mtahini ana haki gani ya kusema langu ni kosa?

Ana haki hiyo kwa sababu haulizi maoni yako. Jibu la swali la namna hii hujengwa kwa maneno yaliyomo kifunguni, mara nyingi kutoka sehemu mbili au zaidi, pamoja na ujuzi wa kawaida ambao msomaji yeyote anao. Vitu hivyo vikikutana, huzaa jambo jipya ambalo mwandishi hakulitamka lakini hawezi kulikana. Barafu imefungwa gotini, na kila mtu anajua barafu hufungwa penye maumivu au uvimbe. Basi goti lina shida. Hakuna sentensi inayosema "aliumia goti", ila ukidai goti lake ni zima, kifungu kitakukatalia.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: jibu sahihi ni hatua fupi kabisa kutoka kwenye maandishi. Wanafunzi wengi hukosa si kwa kushindwa kufikiri, bali kwa kufikiri mbali mno. Wanaona barafu, wanawaza jeraha, wanawaza upasuaji, wanawaza maisha yake ya mpira yamekwisha. Hatua ya kwanza ilikuwa ya kifungu. Zilizobaki zilikuwa zao.

Naomba mfano mmoja wa kufuata mwanzo hadi mwisho.

Hiki hapa kifungu. Nimeziwekea sentensi namba ili tuweze kuzirejelea.

(1) Kipindi cha pili kilianza kipa wa kwanza akiwa ameketi mwisho wa benchi, barafu imefungwa gotini. (2) Kijana aliyesimama golini alivaa glavu zilizomzidi vidole. (3) Kila mpira ulipovuka mstari wa kati, mabeki wawili walirudi mbio hadi karibu na goli, ingawa kipindi cha kwanza walikuwa wakipanda mbele. (4) Dakika ya 80 mshambuliaji alifumua shuti kutoka ukingoni mwa eneo la hatari. Kijana akaruka, akaudaka mpira, akaanguka nao kifuani. (5) Mabeki walitazamana. (6) Mpira uliofuata ulipovuka mstari, mmoja wao hakurudi tena nyuma. (7) Filimbi ya mwisho ilipolia, kipa wa kwanza alichechemea hadi golini, akazitazama glavu mikononi mwa kijana. (8) "Kaa nazo," alisema. "Mikono itakua."

Swali la kwanza: glavu zilikuwa za nani?

Hakuna sentensi inayotaja mwenyewe. Anza kwa kukusanya kila kinachohusu glavu. Sentensi ya 2 inasema zilimzidi kijana vidole, kwa hiyo hazikununuliwa kwa kipimo chake. Yaelekea ni za mtu mwenye mikono mikubwa zaidi. Sentensi ya 7 inaonyesha kipa wa kwanza akizitazama, si akimtazama kijana usoni. Sentensi ya 8 inamfanya aseme "Kaa nazo". Sasa ongeza ujuzi wa kawaida: mtu hutoa ruhusa ya kubaki na kitu pale tu ambapo kitu hicho ni chake au kiko chini ya mamlaka yake. Vipande vitatu vinaelekea upande mmoja. Glavu zilikuwa za kipa wa kwanza.

Angalia kwamba sentensi ya 2 peke yake isingetosha. Glavu kubwa zingeweza kuwa za kaka yake, au zimetolewa kwenye stoo ya timu. Ni sentensi ya 8 inayofunga njia hizo nyingine, nayo iko mwisho kabisa wa kifungu. Ndiyo maana mtu anayejibu huku akiwa bado katikati ya kusoma hupotea: kipande kinachoamua mara nyingi huja baadaye.

Kwenye maswali ya kuchagua, chaguo tatu kati ya nne huonekana sawa. Nifanyeje?

Tuchukue swali kamili juu ya kifungu hichohicho. Ni hitimisho gani linaloungwa mkono na kifungu?

A. Timu ya kijana ilishinda mchezo huo.
B. Mwanzoni mwa kipindi cha pili mabeki hawakuwa na imani na kijana.
C. Kipa wa kwanza hataweza kucheza tena.
D. Kijana hakuwahi kusimama golini kabla ya siku hiyo.

Wengi huvutwa na A. Kijana amedaka shuti gumu, mwisho una hali ya furaha, kwa hiyo akili inajiongezea ushindi. Sasa tafuta matokeo kifunguni. Hayapo. Hatujui nani alikuwa mbele dakika ya 80, wala kama kulifungwa goli lolote. Mchezo huu ungeweza kwisha kwa kipigo cha magoli matatu na kila sentensi ikabaki jinsi ilivyo. A ni mtego wa aina yake, kwa sababu linakubaliana na hisia ya kifungu bila kukubaliana na maneno yake.

C lina chembe ya ukweli, na hilo ndilo linaloifanya iwe hatari. Barafu na kuchechemea vinathibitisha jeraha. Kutoa glavu kunaweza kukufanya uwaze kwamba anaaga. Lakini "hataweza kucheza tena" ni hukumu ya kudumu, na kifungu hakituambii jeraha ni kubwa kiasi gani. Mtu anaweza kutoa glavu zake leo akanunua nyingine akipona.

D linaanguka kwa neno moja, "hakuwahi". Glavu zisizomwenea zinaonyesha kwamba hakuwa na zake mikononi siku ile. Hazisemi lolote kuhusu mazoezi ya mwaka uliopita. Kama chaguo lingesomeka "huenda kijana hakutarajia kucheza siku hiyo", lingestahili kufikiriwa zaidi.

Linabaki B. Kipindi cha kwanza mabeki walipanda mbele. Kipindi cha pili wakawa wanarudi mbio kila mpira unapokuja. Kati ya vipindi hivyo viwili, badiliko pekee tunaloonyeshwa ni la aliyesimama golini. Baada ya kudaka, wakatazamana, na mmoja akaacha kurudi.

Msomaji makini anaweza kupinga hapa: vipi kama kocha ndiye aliyewaamuru walinde goli? Ni pingamizi zuri, na kama kifungu kingeishia sentensi ya 3 lingekuwa na nguvu. Lakini amri ya kocha isingebadilika kwa sababu kijana amedaka mpira mmoja. Kitu kilichobadilika papo hapo baada ya sentensi ya 4 ni jinsi mabeki wanavyomwona aliye nyuma yao. Hivi ndivyo unavyopima maelezo mawili yanayoshindana: usiulize lipi linawezekana, uliza lipi linaeleza sentensi nyingi zaidi bila kuacha nyingine ikining'inia.

Kuna kipimo kimoja cha haraka ninachoweza kukitumia kwenye chumba cha mtihani?

Kipo. Likanushe chaguo, kisha usome kifungu upya ukiwa na kanusho hilo kichwani.

Sema "Timu haikushinda", halafu soma sentensi ya 1 hadi ya 8. Zote zinasomeka bila tatizo. Basi ushindi haukudokezwa. Sema "Mabeki walikuwa na imani na kijana tangu mwanzo", usome tena. Sasa kurudi kwao mbio hakuna maana, kutazamana kwao hakuna maana, na mmoja wao kuacha kurudi hakuna maana. Kifungu kinagoma. Pale kinapogoma ndipo penye hitimisho sahihi.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Hakifai kwa maswali yanayouliza hisia zilizochanganyika au lengo la mwandishi, kwa kuwa hisia mbili zinazopingana zinaweza kukaa kwa mtu mmoja. Kwa hayo, hesabu ushahidi badala ya kukanusha.

Ni maneno gani ya Kiswahili yanayobeba maana fiche?

Hapa nitakaa kidogo, maana ni eneo ambalo mzungumzaji wa Kiswahili anajua mengi kuliko anavyodhani. Maneno madogo tunayoyaruka tukisoma ndiyo mara nyingi yanayobeba jibu.

Chukua "tena". Sentensi ya 6 inasema beki "hakurudi tena nyuma". Kwa neno hilo moja tunajua alikuwa akirudi hapo kabla, hata kama tusingeisoma sentensi ya 3. "Bado" na kiambishi "-sha-" hufanya kazi ya namna hiyo kuhusu wakati. "Bado hajajibu" hutuambia jibu linatarajiwa, na "ameshaondoka" huashiria kwamba tulichokuja kukitafuta kimetutangulia.

"Hata" huleta taarifa mbili kwa mpigo. "Hata mwalimu mkuu alicheka" inasema kwamba wengine pia walicheka, na kwamba mwalimu mkuu si mtu wa kucheka ovyo. Mtahini anaweza kuuliza, "Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa namna gani?" na mwanafunzi akalalamika kwamba tabia yake haikutajwa popote. Imetajwa, ndani ya herufi nne.

"Eti" na "kumbe" hufichua aliyemo nyuma ya simulizi. "Alisema alikuwa mgonjwa" ni taarifa. "Alisema eti alikuwa mgonjwa" ni taarifa yenye shaka juu yake: msimulizi haamini, na anataka nasi tusiamini. "Nilifungua mlango, kumbe walikuwa wamelala" inatuambia msimulizi alitarajia kuwakuta macho. Kila "kumbe" huficha dhana ya awali iliyovunjika, na swali la kawaida kabisa ni "Msimulizi alidhani nini mwanzoni?"

Kisha kuna "-nge-" na "-ngali-". "Angaliniuliza, ningalimwambia" hutoa mambo mawili ambayo hayakusemwa: hakuuliza, na hakuambiwa. Kwa "-nge-" inabidi uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu siku hizi wengi huitumia hata kwa yaliyopita. "Angekuja tungefurahi" yaweza kuwa bado anaweza kuja. Angalia vitenzi vinavyoizunguka ndipo uamue.

"Ndiye" na ndugu zake huchagua na kufungia wengine nje. "Yeye ndiye aliyeficha barua" inachukulia kwamba barua ilifichwa, na kwamba kulikuwa na wengine waliodhaniwa. Na usisahau umbo la nomino lenyewe. Mwandishi anayeita nyumba "kijumba" na yule anayeiita "jumba" huenda wanaitazama nyumba moja. Tofauti iko kwenye jicho lao, na swali la mtazamo wa mwandishi linaweza kujibiwa kwa kiambishi hicho ukikiunganisha na ushahidi mwingine.

Onyo moja: neno la namna hii ni dalili, nalo hutafutiwa mwenzake. "Ingawa" katika sentensi ya 3 inatuonyesha tu kwamba kuna kinyume kati ya vipindi viwili. Sababu ya kinyume hicho tuliipata kwenye sentensi nyingine.

Je, kisichotajwa nacho kinaweza kuwa ushahidi?

Ndiyo, lakini pale tu ambapo msomaji alikuwa na haki ya kukitarajia. Mwanafalsafa H. P. Grice, katika makala yake ya mwaka 1975 kuhusu mantiki ya mazungumzo, alitoa mfano ambao haujachakaa. Mwalimu anaombwa barua ya kumpendekeza mwanafunzi wake kwa kazi ya falsafa. Anaandika kwamba kijana anaimudu lugha vizuri sana na huhudhuria masomo bila kukosa, kisha anamalizia hapo. Hakuandika neno baya hata moja. Hata hivyo msomaji wa barua anaelewa kwamba kijana huyo hana uwezo katika falsafa, kwa sababu barua ya falsafa isiyogusa falsafa imenyamaza kwa makusudi.

Sasa linganisha na ukimya wa matokeo katika kifungu chetu. Je, kutotajwa kwa magoli kunadokeza kwamba timu ilifungwa? La. Kifungu kinahusu imani inayojengeka kati ya watu, na mwandishi hakuwa na wajibu wa kutupa matokeo. Ukimya huo hauna uzito. Kabla ya kuutumia ukimya kama ushahidi, jiulize kama maandishi ya aina hiyo kwa kawaida hutaja jambo hilo. Ripoti ya mchezo isiyo na matokeo ingeshangaza. Hadithi fupi isiyo na matokeo haishangazi.

Naruhusiwa kutumia ninayoyajua mimi mwenyewe kiasi gani?

Huwezi kusoma bila kuyatumia. Mwaka 1974 Susan Haviland na Herbert Clark walichapisha majaribio waliyowapa watu jozi za sentensi wazisome huku muda wao ukipimwa. Sentensi ya pili ilisema bia ilikuwa na joto. Wale ambao sentensi yao ya kwanza ilikuwa imeshataja bia waliielewa upesi. Wale ambao sentensi yao ya kwanza ilitaja tu vitu vya pikniki walichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa ilibidi waunde wenyewe daraja: bia ilikuwa miongoni mwa vitu hivyo. Daraja hilo halikuandikwa, lakini bila hilo sentensi mbili hazishikani.

Hicho ndicho kipimo cha matumizi halali ya ujuzi wako: tumia ule unaohitajika ili sentensi zishikane. Kujua kwamba barafu hutuliza maumivu kunahitajika, vinginevyo sentensi ya 1 haina mantiki. Kujua kwamba jeraha fulani la goti huweza kumweka mchezaji nje kwa miezi mingi hakuhitajiki. Kifungu kinashikana bila hilo. Ukilileta, utajibu kuhusu goti unalolijua wewe, si goti la kifungu.

Kwa sababu hiyo, wanafunzi wanaoijua sana mada ya kifungu wakati mwingine hukosa zaidi kuliko wasioijua. Mpenzi wa soka ataongeza mambo kumi ya kweli kuhusu makipa, na hakuna hata moja litakalokuwa limetoka kwenye karatasi iliyo mbele yake.

Swali la wazi lenye alama mbili linajibiwaje?

Swali: Mwishoni, kipa wa kwanza anamwonaje kijana? Toa ushahidi.

Jibu dhaifu ni kama hili: "Anampenda kwa sababu ni kijana mzuri." Hakuna hata neno moja la kifungu ndani yake, na lingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakukisoma.

Jibu la nusu: "Anamkubali kwa sababu alimwachia glavu." Hapa kuna dai na ushahidi, lakini mwandishi wake hakueleza jinsi kimoja kinavyozaa kingine. Mtu anaweza kuachia glavu kwa huruma tu.

Jibu kamili: "Anamwona kama kipa atakayeendelea kusimama golini. Anamwachia glavu zake mwenyewe, na kwa kusema 'Mikono itakua' anaonyesha anatarajia kijana azitumie kwa muda mrefu, hadi zimwenee." Dai limetangulia, maneno ya kifungu yamenukuliwa kwa ufupi, na kiungo kati yake kimetajwa waziwazi. Kiungo hicho ndicho kinachosahaulika zaidi. Mwanafunzi anakiona kichwani mwake na kudhani msahihishaji naye anakiona.

Unaponukuu, chukua maneno machache yanayobeba uzito. Anayenakili sentensi ya 7 na ya 8 zote, neno kwa neno, humwachia msahihishaji kazi ya kutafuta ushahidi uko wapi.

Na nikiulizwa hisia za mhusika ambazo hazikutajwa?

Tafuta mwili unafanya nini, kisha uchague neno la hisia lenye ukubwa unaolingana na tendo hilo. Sentensi ya 5, "Mabeki walitazamana", inaruhusu mshangao. Hairuhusu furaha tele wala aibu kubwa. Hawakurukaruka, hawakuinamisha vichwa. Kosa la kawaida ni kuchagua neno lenye rangi inayofaa lakini kipimo kikubwa mno, mathalani "walistaajabu kupita kiasi" mahali pa "walishangaa".

Vilevile hesabu watu. Sentensi ya 6 inamtaja beki mmoja tu aliyeacha kurudi. Jibu linalosema "mwishoni mabeki wote walimwamini kijana" limevuka mpaka. Kuna mmoja ambaye kifungu hakikutuambia alifanya nini.

Mwanangu husoma maneno yote bila kukwama, lakini maswali haya humshinda. Tatizo ni nini?

Hayuko peke yake, na si mvivu. Watafiti Kate Cain na Jane Oakhill wamewachunguza kwa miaka mingi watoto wa namna hii, wanaotamka maneno vizuri kwa umri wao lakini uelewa wao uko chini, na kuunda hitimisho ni mojawapo ya sehemu zinazowasumbua. Mara nyingi mtoto huyo haoni kwamba kuna pengo la kuziba. Kwake sentensi ya 3 imekwisha ikiisha. Mabeki walirudi, basi.

Kumwambia "fikiria zaidi" hakumsaidii kitu, kwa sababu hajui afikirie nini. Msomee sentensi ya 3, simama, umuulize: "Mbona sasa wanarudi, na mwanzo walikuwa hawarudi?" Mwache ataje mwenyewe kilichobadilika. Akijibu vizuri, usimpongeze kabla hujamuuliza, "Umeliona wapi?" na kumtaka aweke kidole kwenye maneno. Akijibu vibaya, muulize swali hilohilo. Atakapotafuta mahali pa kuweka kidole akakosa, atajisahihisha bila wewe kusema kitu. Kifungu kimoja kifupi kinachozungumzwa hivi kina faida kuliko vifungu vitano vya kujibu na kusahihisha kwa vyema na kosa.

Je, njia hii inafaa pia kwa vifungu vya taarifa na sayansi?

Inafaa, ila mtego wake mkubwa hubadilika. Katika hadithi tunazidisha hisia; katika taarifa tunazidisha usababisho. Chukua sentensi mbili: "Baada ya taa kuwekwa kwenye barabara hiyo, ajali za usiku zilipungua. Za mchana zilibaki vilevile." Sentensi ya kwanza peke yake ni mfuatano wa matukio tu. Huenda magari yalipungua, huenda madereva walianza kuwa waangalifu. Sentensi ya pili ndiyo inayodokeza kwamba taa zilihusika, kwa sababu magari kupungua kungegusa mchana na usiku.

Hata hivyo, chaguo linalosema "taa ndizo pekee zilizopunguza ajali" bado ni la kuachwa. Mwandishi ametuelekeza kwenye taa, lakini hajafunga milango mingine yote. Kwa mfano, doria za usiku zingeweza kuanza wakati uleule. Chagua "yaelekea taa zilichangia".

Chaguo mbili zimebaki na zote zinapita kipimo. Niende na ipi?

Nenda na ile inayodai kidogo. Linganisha maneno ya kiasi katika chaguo hizo mbili: "wote" dhidi ya "baadhi", "daima" dhidi ya "mara nyingi", "alichukia" dhidi ya "hakufurahishwa". Dai dogo huhitaji ushahidi mdogo, kwa hiyo lina nafasi kubwa zaidi ya kufunikwa na maneno ya kifungu.

Lakini usiigeuze hii kuwa kanuni ya kuchagua bila kusoma. Watunzi wa mitihani wanaijua, na mara nyingine huweka chaguo la upole ambalo halihusiani na kifungu, kama vile "baadhi ya mabeki walikuwa wamechoka". Ni la upole, ni la busara, na hakuna sentensi hata moja inayoligusa. Kabla ya kupima ukubwa wa dai, hakikisha una namba ya sentensi inayolishikilia.